Hedifoni za mtoto zilizoandikwa "MAX 85 dB" hazina kikomo chochote ukibadilisha waya

Mama Tausi
Ndugu zangu, nimekasirika, na ninataka kila mzazi anayekusudia kununua hedifoni za mtoto asome hapa kwanza. Nilimnunulia binti yangu wa miaka tisa hedifoni ambazo boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba sauti haizidi desibeli 85, na muuzaji akanihakikishia kuwa kikomo hicho kimo ndani ya hedifoni zenyewe. Si kweli. Kikomo kimo kwenye waya uliokuja nazo, na waya huo unachomolewa. Binti yangu alipochomeka waya wa kaka yake, ambao ni wa kawaida kabisa, sauti ilipanda mno hata mimi niliyekuwa nimekaa kando yake nikawa nasikia maneno ya wimbo. Nilipozirudisha dukani niliambiwa kwamba bidhaa haina kasoro kwa sababu "waya wake upo". Je, mtengenezaji anayejua kwamba mtoto anaweza kuondoa ulinzi wote kwa vidole viwili ana haki gani ya kuandika neno "salama" kwenye boksi?

Baba Wawili
Pole sana, dada. Hata hivyo, ukitumia waya wake, desibeli 85 hazina madhara. Hicho ndicho kiwango kinachokubalika kiafya.

Fundi Sauti
Ndugu Baba Wawili, kiwango hicho kipo, lakini kilitokana na kanuni za kazi: mtu mzima kiwandani, saa nane kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kuhusu vifaa vya kusikilizia unampa mtoto desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo kwa desibeli 78 ni saa 20, kwa 81 ni saa 10, na kwa 84 ni saa 5 tu. Mtoto anayesikiliza kwa kiwango hicho kwenye basi la shule kwa saa mbili kila siku ya masomo amefikisha saa 10, yaani mara mbili ya kipimo chake, na hapo hatujahesabu jioni wala Jumamosi.

Dada Mama Tausi, ndani ya waya ule kuna rezista inayopunguza umeme unaofika kwenye spika, na ndiyo maana ukiuondoa hakuna kinachobaki. Tena, hata ukiwepo, kompyuta yenye nguvu kuliko simu inaweza kupitisha sauti kubwa zaidi. Mtoto anatumia simu gani?

Mama Tausi
Anatumia iPhone ya zamani ya baba yake.

Fundi Sauti
Basi weka kikomo kwenye simu yenyewe. Ingia Settings, Sounds & Haptics, kisha Headphone Safety, washa Reduce Loud Audio na usogeze alama hadi desibeli 75, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa. Usiishie hapo, kwa maana mtoto ataingia palepale na kukizima. Nenda Screen Time, weka namba ya siri ambayo yeye haijui, fungua Content & Privacy Restrictions, tafuta Reduce Loud Audio na uchague Don't Allow. Kwenye matoleo ya nyuma kidogo imeandikwa Reduce Loud Sounds. Kama hedifoni ni za Bluetooth, hakikisha kwamba kwenye Device Type zimetajwa kuwa Headphone, si Speaker.

Elewa pia kwamba kwa hedifoni za kampuni nyingine simu hukadiria tu kwa kufuata sauti uliyoweka. Haijui kilichomo ndani ya waya wako. Kwa hiyo usiichukulie namba ile kama kipimo kamili.

Mjomba Kassim
Wanangu wanafungulia muziki kwenye spika kubwa ya sebuleni hadi majirani wanalalamika. Nikiweka hiyo 75 watapunguza?

Fundi Sauti
Hapana, mjomba. Kikomo hicho ni cha hedifoni peke yake.

Bi Rehema
Sisi wenye Samsung tunayo Media volume limit, ndani ya Sounds and vibration, Volume, kwenye vitone vitatu, na inakubali namba ya siri. Lakini simu ya pili ya nyumbani ni ya aina nyingine, na programu ya wazazi niliyoweka humo inafunga michezo na kuhesabu muda, wala haigusi sauti hata kidogo. Nifanyeje?

Mama Tausi
Ahsante, Fundi, nimeshafunga kwa namba ya siri. Swali la Bi Rehema bado halijajibiwa, na langu pia: je, kuna aliyewahi kurudishiwa fedha kwa hedifoni za aina hii, na alipeleka malalamiko yake wapi?