Naomba ushauri: bei ya kipande ya Jumatatu inanivurugia hesabu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Niko Moshi, nauza nafaka Mbuyuni, na akiba yangu ndogo iko mfuko wa ukwasi. Kila jioni naandika kwenye Excel thamani halisi ya kipande, maana nataka kujua faida kwa mwaka inakimbia asilimia ngapi.

Shida ni wikiendi. Ijumaa kipande kilikuwa 412.3000, Jumatatu 412.7080. Nikichukua ongezeko kama la siku moja, napata asilimia 36 kwa mwaka, jambo lisilowezekana. Nikigawanya kwa siku tatu inashuka hadi 12, na hiyo inaingia akilini, kwa kuwa riba ya amana na hati fungani hailali Jumamosi wala Jumapili. Sasa natumia hii, A ikiwa tarehe na C bei:

```
=(C3-C2)/C2/(A3-A2)*365
```

Ninachokwama: safu A niweke tarehe ya tathmini au siku bei ilipotangazwa? Mara nyingine hupishana. Na kwa mwenye nia ya kutoa pesa, nifuate thamani halisi au bei ya kununuliwa tena? Wenye uzoefu naombeni mnisaidie.