Nimemtoa karani ruhusa ya UPDATE lakini bado anabadilisha kilo za maziwa, Postgres imeharibika ama ni mimi?

MtuWaNjoro:
Wadau habari za jioni. Niko Nakuru, naangalia kompyuta za ushirika mmoja wa maziwa, niko peke yangu kwa hiyo kazi. Kuna karani anaingiza kilo za asubuhi na jioni, na pia anafungua pgAdmin kutoa ripoti ya meneja. Sitaki awe anaweza kubadilisha rekodi zilizoingia tayari, kwa hivyo jana nikaandika hii:

```
REVOKE UPDATE ON maziwa FROM karani2;
```

Postgres ikanijibu REVOKE bila kulalamika. Leo asubuhi nikaingia na akaunti yake kujaribu, nikabadilisha kilo 14 ikawa 15, ikakubali kabisa! Nimeirudisha lakini usingizi sina. Toleo ni 14. Mnisaidie kabla ya malipo ya wakulima tarehe 5.

Ziwa_Mbuta:
Mkuu rahisi sana, ficha kitufe cha kuhariri kwa mfumo wenu. Asichokiona hatakibonyeza.

NdulaMoja:
@Ziwa_Mbuta amesema wanatumia pgAdmin bana, kitufe gani utaficha huko. Shida ni PUBLIC. Ukiacha PUBLIC na ruhusa kila mtu anazo. Fanya `REVOKE ALL ON maziwa FROM PUBLIC` umalize.

MamaSeva:
PUBLIC inaweza kuwa chanzo, lakini meza mpya haimpi PUBLIC chochote mpaka mtu ampe, kwa hivyo tusikimbilie huko. Njoro, REVOKE inaondoa tu kile alichopewa karani2 kwa jina lake. Kama ruhusa inamfikia kupitia kundi, uliondoa kitu ambacho hakuwa nacho, ndio maana haikulalamika. Na Postgres haina amri ya kumkataza mtu mmoja ndani ya kundi, ruhusa zote zinajumlishwa tu. Weka hapa jibu la `\dp maziwa` na la `\du karani2`. Halafu sema ukweli, huyu karani yuko kwa kundi gani?

MtuWaNjoro:
Kundi si muhimu sana nadhani, swali langu ni kwa nini REVOKE haifanyi kazi. Lakini hii hapa ya kwanza:

```
ofisi=arwdDxt/ofisi
karani2=ar/ofisi
```

KakamegaKwetu:
Mimi niliwahi kufanyia kliniki fulani huku, nikampa mtu wa ripoti kusoma meza zote, `GRANT SELECT ON ALL TABLES`, nikaenda zangu. Mwezi uliofuata wakatengeneza meza mpya, akaambiwa hana ruhusa, nikapigiwa simu nikiwa matangani. Kumbe ile "ALL" ni meza zilizoko siku hiyo tu, za kesho unazipangia na `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`, tena kwa yule anayezitengeneza. Nililipia faini ya nauli mbili hehe.

MamaSeva:
Asante Kakamega, hiyo itamfaa siku nyingine. Njoro, ile `\du` umeiruka.

MtuWaNjoro:
Sawa. Yuko ndani ya `ofisi`. Nilifanya `GRANT ofisi TO karani2` mwezi wa tatu kwa sababu kila siku alikuwa ananiletea "permission denied" mara meza hii mara ile, na mimi nina printa za kutengeneza. Mfumo wenyewe pia unaingia kama `ofisi`. Ilikuwa ya muda tu.

NdulaMoja:
"Ya muda tu" ndio jina la kati la kila admini Kenya hii 😂

Mwl_Siaya:
Vijana mnapenda njia ya mkato halafu mnalia. Mtu apewe kile kinachomtosha kazi yake, basi. Hata nyumbani mfanyakazi humpi ufunguo wa kabati la hati za shamba.

JichoLaPili:
Ngoja kwanza. Hii hadithi mimi inanitia shaka. Lile jina baada ya mkwaju ni la aliyetoa ruhusa, na hapo inasema `ofisi`. Lakini REVOKE unasema uliandika wewe, na sidhani unaingia kama ofisi. Ungekuwa unaingia kama `postgres` ingeandikwa postgres. Hii ni asaimenti ya koleji imevishwa maziwa. Leteni swali kama lilivyo tuwasaidie, msituletee wakulima wa kubuni.

Ziwa_Mbuta:
Nilijua! Hata karani hana jina.

MtuWaNjoro:
Asaimenti gani na mimi nina miaka 38? Naingia kama postgres, walai.

MamaSeva:
Jicho, umeona kitu kizuri ukakisoma kombo. Superuser akitoa ruhusa, Postgres inaiandika kana kwamba imetolewa na mwenye meza. Kwa hivyo maana ya `/ofisi` ni kwamba *ofisi ndiye mwenye meza*. Njoro, hili ni baya kuliko ulivyodhani. Karani wako hana UPDATE peke yake, anaweza kufuta meza nzima na DROP, na hilo haliondolewi kwa mwenye meza kwa REVOKE yoyote. Sasa niambie, kuna rekodi zimeshabadilishwa? Mtu halali usingizi kwa sababu ya jaribio la kilo moja.

MtuWaNjoro:
Eeh. Mkulima mmoja alikuja na kitabu chake cha risiti kulalamika amepunjwa, nikalinganisha vitabu kadhaa vya ruti hiyo. Kwake kulikuwa na kosa la kawaida, lakini kwa mwanachama mwingine nikapata mistari 41, kila mmoja umeongezwa kilo 10 kamili, 12.5 imekuwa 22.5 hivyo hivyo. Kilo 410, kwa shilingi 50 ni 20,500. Na karani ni shemeji yangu, mimi ndiye nilimleta. Simshuku, paswadi ya ofisi iko hata kwa karatasi pale kaunta.

Mwl_Siaya:
Shemeji! Nilisema mimi.

NdulaMoja:
Hukusema kitu mwalimu.

JichoLaPili:
Haya nimeona, yaliyopita si ndwele. Ila nani alibadilisha huwezi kujua. Wote ni `ofisi`, na kama hukuwasha `log_statement` chaguo la kawaida haliandiki chochote. Weka `mod` kuanzia leo, ya jana imeenda.

MamaSeva:
Mpe mwenye meza asiyeweza kuingia:

```
CREATE ROLE mmiliki NOLOGIN;
ALTER TABLE maziwa OWNER TO mmiliki;
REVOKE ofisi FROM karani2;
```

Angalia mtego: ukibadilisha mwenye meza, ruhusa za `ofisi` zinahamia kwa `mmiliki`, na mfumo unasimama hapo hapo. Kwa hivyo tengeneza akaunti ya mfumo pekee, ipe SELECT na INSERT. Kilo zikikosewa msihariri, ingizeni mstari wa kusahihisha wa kutoa au kuongeza, wenye jina la aliyeuweka. Ukimaliza, uliza:

```
SELECT has_table_privilege('karani2', 'maziwa', 'UPDATE');
```

Ikijibu `t`, kuna mlango umesahau.

MtuWaNjoro:
Nimeelewa, lakini kabla ya tarehe 5 sitagusa. Meneja pia anapenda kurekebisha mwenyewe. Labda nibadilishe paswadi tu kwanza, nimpe shemeji mpya hadi malipo yaishe.

MamaSeva:
Kwa hivyo malipo yenyewe yapite mlango ukiwa wazi?

KakamegaKwetu:
Fanya kwa nakala kwanza kaka. Rejesha bakapu kwa laptopu, mfumo uelekeze huko.

MtuWaNjoro:
(Jumapili) Nimefanya kwa nakala. Karani inajibu `f`. Lakini mfumo ukiingiza kilo unaleta hii, na INSERT nimeupa:

```
permission denied for sequence maziwa_id_seq
```

MamaSeva:
Namba za mistari zinatoka huko, nayo imehama na meza kwenda kwa mmiliki. `GRANT USAGE ON SEQUENCE maziwa_id_seq` kwa akaunti ya mfumo. Na ile karatasi ya kaunta?

MtuWaNjoro:
Bado iko.