Tupeane uzoefu: kome, kombe na chaza waliogoma kufunguka

Mama Nasra: Leo nimeona mtu anabandua kome kwa kisu baada ya kugoma kufunguka, nikakumbuka mengi. Nyie mnapika dakika ngapi? Waliofunga mnawafanyaje?

Kijana wa Tanga: Natupa. Sibishani na kome.

Binti Fumba: Yalinikuta kwa wifi yangu, wageni wako ukumbini. Kombe wamejaa sufuriani hadi mfuniko haukai. Wa chini wamefunguka na kusinyaa, wa juu bado wabichi, wifi akawamwagia tui vilevile na maganda yao. Nikaona anakoroga, mwiko ukamgonga kombe mmoja mkubwa aliyefunga, akapasuka. Ndani hamna nyama! Tope jeusi tupu, linanuka kama mikokoni maji yakitoka. Tui likageuka kijivu mbele ya macho yetu. Wifi akalia. Tulimwaga sufuria nzima, wageni wakala mayai.

Shangazi Zuu: Pole mwaya! Wifi alipona aibu?

Mpishi Shomari: Kombe huyo wa tope angekamatwa kabla ya moto. Mwenye tope ni mzito kuliko wenzake, na ukiyasukuma maganda kwa kidole gumba yanateleza. Aliyeachama mgonge, asipojifunga, kafa, tupa. Maji kikombe kimoja yachemke kwanza, kisha panga tabaka mbili tu, mfuniko ubane. Mvuke ukishapanda, kome na kombe dakika 4 hadi 9. Lakini ganda kufunguka si kuiva! Tazama nyama: iwe imejaa na kukaza, isiwe na ute. Chaza ganda lake nene, hufunguka kidogo tu, usingoje aachame.

Baharia Mstaafu: Aliyefunga si lazima awe kaoza. Wengine msuli tu haujaachia. Mimi huwarudisha dakika mbili.

Kijana wa Tanga: Babu, soma habari ya tope hapo juu.

Baharia Mstaafu: Nimesoma. Nimekula hivyo miaka yote.

Mpishi Shomari: Mzee wangu, kweli wengine ni wazima. Warudishe peke yao, sufuria nyingine, na wakigoma tena tupa. Kome mmoja si hasara.

Dada wa Toronto: Mimi nanunua waliogandishwa, wa ganda moja. Sasa nitajuaje?

Mama Nasra: Hao walishafunguliwa kiwandani, dada. Fuata maelezo ya pakiti.

Kaka Nyali: Mnajisumbua. Chaza mbichi, ndimu, pilipili. Ndimu inawapika.

Mpishi Shomari: Ndimu inakaza nyama, vijidudu haiviui. Mwenye ugonjwa wa ini asiguse chaza mbichi kabisa. Na bahari ikiwa na sumu ya mwani, hata moto hausaidii, usiokote.

Kaka Nyali: Mbona bibi yangu alikula hadi uzeeni?

Shangazi Zuu: Jamani, na mchanga mnautoaje? Kombe wangu wanakwaruza meno.

Binti Fumba: Walaze kwenye maji ya bahari masaa machache, watautema. Ya bomba yanawaua.