Naomba ushauri: Babu ana miaka 74, saratani imefika uti wa mgongo, na yuko gerezani

Binti Kibaigwa

Habarini za jioni wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Babu yetu mzaa baba alihukumiwa Mei 2022 na Mahakama Kuu hapa Dodoma, miaka 9, kwa kuua bila kukusudia. Ng'ombe waliingia kwenye mtama wake usiku, akatoka na fimbo, kijana mchungaji akapigwa kichwani na kufariki siku ya tatu. Babu alikiri. Sijaja kumtetea kwa hilo.

Mwaka jana alianza kushindwa kukojoa. Gerezani akapewa dawa za maambukizi ya mkojo karibu miezi minne, mpaka akapelekwa hospitali na kukatwa kipimo cha nyama: saratani ya tezi dume. Januari miguu ikaanza kufa ganzi. Picha ikaonyesha imeshaingia uti wa mgongo. Sasa ana mpira wa mkojo, na wafungwa wenzake ndio wanaombeba kwenda chooni. Jumapili iliyopita aliletwa kutuona akiwa amekalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliniuliza kama mvua zimenyesha, basi.

Tunaambiwa mambo matatu tofauti. Wapo wanaosema tusubiri msamaha wa Muungano, Aprili 26. Wengine wanasema parole. Na kuna bwana mmoja anataka laki nane "aingize jina kwenye orodha". Leo ni tarehe 9 Machi 2025. Tushike lipi?

Mzee wa Stendi

Pole sana mjukuu. Hapo hakuna kesi. Mwenye miaka 70 kwenda juu anaachiwa, nimesikia mwenyewe kwenye tangazo. Hata 2017 pale Jamhuri walitoka hadi wa kifungo cha maisha, Babu Seya na mwanawe. Peleka kitambulisho cha NIDA, wamtoe.

Mstaafu wa Lango

Mzee wa Stendi umepatia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafelisha watu.

Nimefanya kazi ndani ya kuta miaka 31. Binti, nisome taratibu.

Hakuna sheria inayosema ukifika 70 lango linafunguka. Kinachosemwa kwenye tangazo ni sharti la msamaha wa siku hiyo. Rais anautoa kwa ibara ya 45 ya Katiba, akitaka na kwa masharti anayotaka. Kila tangazo lina orodha yake ya wanaoingia na wasioingia. Babu Seya na mwanawe walitajwa kwa majina. Mfungwa mwenye kosa kama lao ambaye hakutajwa alibaki ndani.

Sasa, kwenye matangazo mengi niliyoyashika mkononi kuna makundi mawili yanayomgusa babu yako. La kwanza ni wagonjwa wa UKIMWI, kifua kikuu au saratani walio katika hatua ya mwisho. La pili ni wenye miaka 70 au zaidi. Yote mawili yana neno moja linalosahaulika: *wathibitishwe na jopo la waganga*, mwenyekiti wake akiwa Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Barua ya daktari mmoja, hata awe bingwa, siyo jopo. Tangazo likitoka na jopo halijakaa, mnagombania siku chache huku mganga mkuu yuko ziarani.

Kwa hiyo kazi yenu si kusubiri Aprili 26. Andikeni barua leo kwa Mkuu wa Gereza, mkiomba mfungwa namba fulani apelekwe mbele ya jopo kwa sababu ya ugonjwa na umri. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Ambatanisheni majibu ya kipimo cha nyama na ya picha, kwa sababu faili la hospitali na faili la gereza huwa haviongei.

Halafu angalieni umri. Ulisema 74. Gerezani ameandikwa mingapi?

Binti Kibaigwa

Shikamoo mzee. Swali lako limenishtua. Nimempigia baba. Hati ya mashtaka imeandikwa miaka 62! Anasema polisi walimuuliza babu, babu akajibu "nilizaliwa mwaka wa njaa", askari akakadiria.

Mstaafu wa Lango

Marahaba. Ndicho nilichokihofia. Gereza linanakili kutoka kwenye karatasi zilizokuja naye. Kwa hesabu yao babu yako leo ana 65, hivyo kwenye orodha ya wazee hayumo kabisa, na hakuna atakayegundua.

NIDA itasaidia, lakini kama aliandikishwa juzi juzi wataona ni umri wa kujitajia. Tafuteni karatasi ya zamani zaidi kuliko kesi. Huko Kongwa na Mpwapwa wamisionari wa Kianglikana waliandika sana. Je, alibatizwa?

Joho Jeusi

Naongeza kwa upande wa mahakama, maana najua atakuja mtu kusema "kateni rufaa". Alikiri kosa, hivyo rufaa ingekuwa juu ya ukubwa wa adhabu tu, na muda wake umeshapita. Mkiomba kuongezewa muda, ugonjwa ulioanza baada ya hukumu hauonyeshi kwamba jaji alikosea. Msipoteze nauli.

Parole ndiyo ya kuangalia. Inahusu vifungo vya miaka minne na zaidi, na mfungwa awe ametumikia theluthi moja. Theluthi ya 9 ni 3, kwa hiyo Mei hii anafikia. Kuua bila kukusudia hakumo kwenye makosa yanayozuiwa, tofauti na unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya au kifungo cha maisha. Ila mjue njia yake ni ndefu. Gereza linaandaa taarifa, maofisa wanakwenda kijijini kuuliza kama anapokelewa, Bodi ya Mkoa inajadili, ya Taifa inapendekeza, na Waziri wa Mambo ya Ndani ndiye anayeamua. Kwa mtu ambaye saratani iko mgongoni, sina hakika kama muda unamtosha.

Mstaafu wa Lango

Wakili, nakubali ni ndefu, ila zinakwenda pamoja, moja haizuii nyingine. Umri na cheti cha jopo vinatumika kote kuwili.

Na muone mapema hesabu ya kutoka. Miaka 9 ikiondolewa theluthi ya kawaida inabaki 6, yaani Mei 2028. Ikitokea babu hakuthibitishwa kama mgonjwa wala mzee, msamaha huwa unampunguzia mfungwa wa kawaida sehemu tu, kuna mwaka ilikuwa moja ya sita, kuna mwaka ikawa robo. Chukua robo ya 6, ni mwaka na nusu. Atatoka Novemba 2026. Familia nyingi husikia "amepata msamaha" zikaenda na gari getini, kumbe amepunguziwa. Ndiyo maana nang'ang'ania jopo.

Dada wa Manyoni

Samahani kuingilia. Mimi kaka yangu ana figo na yuko gerezani mwaka wa pili, kesi haijaanza kusikilizwa. Na yeye aende kwenye jopo?

Joho Jeusi

Huyo ni mahabusu, dada. Msamaha wa Rais ni wa aliyetiwa hatiani. Wa kwako ni suala la dhamana kama kosa lina dhamana, au kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka. Fungua uzi wako, tutakuja.

Kimya Kingi

Baba yangu ana miaka 78, amepigwa 30 kwa ubakaji. Haoni tena. Na yeye?

Mstaafu wa Lango

Ndugu, sitakudanganya. Makosa hayo huwa yanatolewa nje ya msamaha hata kwa wazee, na parole pia haimgusi. Kwenu kinachobaki ni rufaa, kama kuna hoja.

Nesi wa Chamwino

Binti, pole mwaya. Nimewahi kuandaa mafaili ya wagonjwa kama hao, nikuambie neno linalowaangusha. Daktari wa kliniki huandika "saratani ya tezi dume, anaendelea na matibabu". Akilisoma mganga mkuu, anaona mtu anayetibika. Ombeni taarifa iseme imesambaa wapi, lini miguu ilipooza, anahitaji msaada kwa mambo gani, na matarajio ni nini. Siyo kutia chumvi, ni kuandika kilichopo.

Pili, matibabu yasingoje kuachiwa. Kama hajaondolewa korodani au kupewa sindano za kushusha homoni, ulizeni kwa nini. Na uti wa mgongo ukibanwa, kila siku ina maana. Kuna wanaopata nafuu kwa mionzi, lakini mguu ukishalala wiki nyingi hauamki kirahisi. Gereza lina wajibu wa kumpeleka hospitali chini ya ulinzi.

Tatu, nani atamuuguza? Kubadilisha mpira wa mkojo, kumgeuza kila saa mbili asitoboke mgongo, mofini ya maji. Mofini haiuzwi dukani, inatoka hospitali inayoitunza. Hospitali iliyo karibu nanyi inayo?

Zabibu Chungu

Nesi amegusa penyewe. Baba yetu alitoka kwa msamaha akiwa na saratani ya koo. Tulishangilia, tukachinja. Aliishi wiki kumi na moja. Usiku wa maumivu dada yangu aliniambia "afadhali angebaki kule kwenye zahanati", akalia kwa kusema hivyo. Sisemi msimtoe. Mimi nisingebadilisha zile wiki. Ila chumba kiandaliwe kabla, na mtu wa zamu ya usiku ajulikane jina.

Na huyo wa laki nane ni tapeli. Sisi tulimpa wetu laki tatu. Baba alitoka kwa sababu jopo lilikaa, yule bwana hakujua hata gereza gani.

Mzee wa Stendi

Nimejifunza. Ila wafiwa je? Kijiji ni kimoja?

Binti Kibaigwa

Ni kimoja, mzee. Nyumba zinaonana. Ukoo ulipeleka ng'ombe wanne, wakapokea, lakini mama wa marehemu hajawahi kuitikia salamu yetu. Maofisa wa parole wakija kumuuliza, sijui atasema nini. Na sioni kama nina haki ya kumwomba aseme chochote.

Mstaafu wa Lango

Usimwendee wewe. Aende mchungaji au mzee asiye wa ukoo wenu, na aende kumjulisha, si kumbembeleza. Mnaweza pia kusema babu atauguzwa kwa ndugu wa mbali. Nimeona bodi ikikubali mtu arudi sehemu nyingine na siyo kijijini kwake.

Binti Kibaigwa

Mrejesho, siku tisa baadaye.

Baba amekwenda kanisani. Daftari la ubatizo limeliwa na mchwa pembeni ila mstari wa babu unasomeka: alizaliwa 1951, amebatizwa 1958. Mchungaji ametoa cheti na kugonga muhuri. Barua imepokelewa gerezani, nakala ninayo. Karani alisema "umri tutarekebisha", nikamwomba aniandikie hivyo, akakataa kwa upole.

Babu alipelekwa hospitali Jumatano. Ameanza sindano. Mionzi ni mpaka Dar, Ocean Road, na askari wa kumsindikiza bado hawajapangwa. Jopo tumeambiwa litakaa "mwezi huu", tarehe hakuna.

Shangazi wa Morogoro amekubali kumpokea. Babu mwenyewe nilipomwambia amekataa, anataka Kibaigwa. Nikamwambia habari ya mama wa marehemu. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama yule mama bado analima shamba la bondeni.