Nimeuza dhahabu na inapanda tu, Jumatatu niongeze 0.08 au nikate?

Fundi_Saa
Wakuu habari za wikiendi. Nina akaunti ya dola 500, levereji 1:500, broka wangu anafunga oda mwenyewe hela iliyobaki ikishuka hadi 50% ya dhamana anayoshikilia. Wiki hii niliuza XAUUSD loti 0.01 kwenye 2,920 nikiamini imeshapanda sana lazima ipumue, haikupumua, nikaongeza 0.01 kwenye 2,940, halafu 0.02 kwenye 2,960, halafu 0.04 kwenye 2,980. Ijumaa hii ya tarehe 14 Machi 2025 ikapita 3,000 kidogo, hasara ikafika dola 300 nikawa naangalia simu jasho linanitoka, baadaye ikarudi ikafunga wiki kwenye 2,984 hivi, sasa hasara ni kama 170. Naona ndo imeanza kushuka. Nikiongeza 0.08 soko likifungua, wastani wangu unakuja 2,973, yaani ikishuka dola 11 tu nishatoka salama. Stop losi sijaweka. Nimefanya hivi tangu Januari mara tisa na zote nimetoka na faida kwa hiyo msiniambie sijui ninachofanya, naomba ushauri wa kiufundi.

Gridi_Boy
Mkuu tulia, dhahabu lazima irudi, labda uwe umekufa. Kila ikipanda hivi inarudi kuchukua pumzi, mimi nakula hapo hapo. Shida yako mtaji mdogo, ungekuwa na 5,000 usingekuwa hata na huu uzi.

Mama_Vipande
Mwanangu mbona mnatishana, mimi kila mwezi nanunua vipande vya UTT, bei ikishuka ndo nafurahi maana hela ileile inanipa vipande vingi. Miaka sita sasa sijalia. Kushusha wastani sio kosa, labda wewe umenunua kitu kibovu?

Mzee_wa_Stopu
Shikamoo Mama. Wewe unaweka hela ya mshahara, hujakopa kwa mtu, na kwenye mfuko mmoja kuna hisa na hati nyingi, bei ikishuka nusu hakuna anayekuja kukunyang'anya vipande usiku. Huyu bwana kauza wakia 8 za dhahabu zenye thamani ya kama dola 24,000 akiwa na 500 mfukoni. Wewe unaweza kusubiri, yeye hawezi.

Fundi Saa, sasa wewe. Umepiga hesabu ya upande mmoja tu, kule unakotokea. Piga na ya kule unakoungulia. Kwa oda ulizonazo wastani wako ni 2,962.5, kila dola moja ikipanda unapoteza dola 8, na broka atakufunga kwenye 3,022 hivi. Ukiongeza 0.08 kwenye 2,984 ni kweli mlango wa kutokea unasogea hadi 2,973, lakini sasa kila dola inakula 16 na dhamana inayoshikiliwa imekuwa mara mbili, kwa hiyo akaunti inaungua kwenye 3,001. Ijumaa dhahabu ilipita hapo! Yaani unaomba ushauri wa oda ambayo ingekuwepo juzi ungeshaungua.

Angalia pia jinsi loti zilivyokua. Ulipokuwa na uhakika uliweka 0.01. Ulipothibitishiwa mara tatu na soko kwamba umekosea ukaweka 0.04. Ungebaki na ile ya kwanza tu, kwenye 3,000 ungekuwa umepoteza 80.

Fundi_Saa
Mzee nimekuelewa kwenye 3,001, hiyo kweli sikuipiga. Ila mara tisa zote?

Mzee_wa_Stopu
Ulipata ngapi kila mara?

Fundi_Saa
Kati ya dola 8 na 15.

Mzee_wa_Stopu
Basi jumla ni mia moja na kidogo, na Ijumaa peke yake ulikuwa chini 300. Hii njia inalipa mara nyingi, ndo ubaya wake. Soko likiwa linazunguka palepale unaonekana fundi, na kila ukishinda unajifunza kutoweka stopu. Halafu inakuja trendi moja. Nick Leeson wa benki ya Barings kule Singapore alikuwa kanunua Nikkei ya soko la hisa la Japani, tetemeko la Kobe likapiga 17 Januari 1995, soko likaanguka, yeye akaongeza kununua akitegemea litarudi. Mwisho wa Februari hasara ilikuwa pauni milioni 827 na benki ya Barings ikauzwa kwa pauni moja. Gridi Boy, yule mtaji ulikuwa sio tatizo lake.

Gridi_Boy
Haya basi tuongeze kwenye inayoshinda, si ndo mnavyohubiri humu kila siku. Mimi nilijaribu. Nilinunua dhahabu 0.01, ikapanda dola 20 nikaongeza 0.02, ikapanda tena 20 nikaongeza 0.05, ikarudi dola 15 tu faida yote ikaondoka na nikawa kwenye hasara. Kwa hiyo hizo ni hadithi.

Kandela_Nyekundu
Gridi Boy hapo uko sahihi kwamba iliuma, lakini ulijenga nyumba kichwa chini miguu juu. Oda kubwa uliweka kileleni, wastani wako ukakimbilia bei ya sasa, upepo kidogo ukakuangusha. Mimi naweka loti sawa au ndogo kuliko ya nyuma. Mfano wiki hii hii: unanunua 0.01 kwenye 2,920, stopu 2,910. Ikifika 2,940 unaongeza 0.01 na stopu zote mbili unazipeleka 2,930, ikigeuka ya kwanza inakupa 10 ya pili inakula 10, unatoka sifuri. Ikifika 2,960 unaongeza ya tatu, stopu zote 2,950, ikigeuka hapo una 30 za faida. Oda tatu na hudaiwi. Fundi alipokuwa na oda zake tatu tayari alikuwa kwenye hasara na hana pa kujificha.

Ila nisikudanganye dada yako, mara nyingi natolewa kwenye oda ya pili. Soko likilala wiki mbili napata sifuri, hasi kumi, sifuri, hasi kumi, inachosha roho. Na habari kubwa ikitoka bei inaweza kuruka stopu, hiyo sifuri inageuka hasi.

Gridi_Boy
Sawa, loti nilikosea. Bado naamini itarudi.

Mzee_wa_Stopu
Inaweza kurudi kweli. Swali ni kama atakuwepo. Fundi, mimi ningefunga zote Jumatatu, lakini kama roho inakataa anza na ile 0.04.

Fundi_Saa
Wakuu mrejesho, leo Jumanne. 0.08 sikuiweka. Jana nilifunga ile 0.04 kwenye 2,990, imekula dola 40. Zilizobaki sikuzifunga, niliona wastani ni 2,945 nikasema nitazipa nafasi. Leo dhahabu imepita 3,030, niko chini kama 340 kwa hizo tatu.

Kandela_Nyekundu
Kaka, stopu umeweka?

Fundi_Saa
Bado.

Mzee_wa_Stopu
Zilizobaki zinaungua kwenye 3,057. Ukizifunga sasa hivi unaondoka na 120.

Mama_Vipande
Mwanangu 120 dola ni hela, chukua.

Fundi_Saa
Nangoja kandela hii ya masaa manne ifunge kwanza, ina mkia mrefu juu.