Mtoto ana utapiamlo mkali na kuhara hakukati, naombeni ushauri wa kumlisha

Habarini wapendwa, mtoto wa dada yangu ana mwaka na miezi miwili, kilo 6 tu, ule mkanda wa kupima mkono umesoma sentimita 11 yani rangi nyekundu. Anahara sasa ni zaidi ya wiki mbili, mwanzo tulijua ni tumbo la kawaida maana lile huwa linakata ndani ya wiki, kumbe daktari anasema likivuka siku 14 ni jambo lingine, utumbo wenyewe umechoka kwa njaa, haunyonyi chakula, ndo anazidi kukonda na kuhara kunaendelea.

Amelazwa, anapewa maziwa dawa F-75, kama mililita 100 kila masaa matatu, usiku pia anaamshwa, na anaendelea kunyonya. Bibi yake analia kwamba mtoto anashindishwa njaa, anataka aletewe uji mzito ashibe. Nesi amekataa kabisa, kasema mwili uliodhoofika hivi ukijazwa chakula kwa ghafla moyo unaweza kushindwa, hata ORS ya kawaida hawampi ovyo sababu ya chumvi.

Sasa waliowahi kupitia hili, mlimwelewesha vipi bibi? Na mkihamia chakula dawa cha karanga, kuhara kulirudi? Akigusa maziwa choo chake kinakuwa maji matupu na makalio yamebabuka mekundu, nimwombe daktari aangalie kama maziwa yanamkataa, au ni mapema?