Krimu ya mshubiri na shea: jokofu, kuondoa maji, au kutia kihifadhi?

Msusi wa Ntinda
Habari zenu wanajukwaa. Hapa saluni ninatengeneza krimu ya uso kwa maji, utomvu wa mshubiri, siagi ya shea kutoka Lira na nta ya kuunganishia maji na mafuta. Makopo mawili yaliyokaa rafuni yameota madoa ya kijivu upande wa ndani wa kifuniko, ilhali krimu yenyewe bado ni nyeupe na inanukia vizuri. Nimebaki na njia tatu: kuiweka kwenye jokofu, kuacha kabisa kutumia maji, au kutia kihifadhi. Ipi inafaa kwa mtu anayeuza? Na je, nikiyafuta madoa, krimu iliyobaki inatumika?

Mama Shea, Lira
Mwanangu, chemsha maji kwanza, uchemshe na makopo, kisha utie matone ya vitamini E. Sisi huku siagi yetu hukaa miezi mingi bila kemikali yoyote.

Fundi wa Maabara
Mama Shea amesema kweli kuhusu usafi na kuhusu siagi, lakini siagi yake hudumu kwa sababu haina maji, na bakteria hawawezi kuzaliana pasipo maji. Vitamini E huzuia mafuta yasichache. Bakteria na ukungu haiwagusi. Kuchemsha nako huua wengi waliomo wakati ule, ila hakumzuii yule anayeingia kesho kwa kidole cha mteja, tena anakuta maji na sukari za mshubiri zimeshaandaliwa.

Dada Msusi, nadhani unaijaza krimu ingali moto na kufunga papo hapo. Mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko, na matone hayo ndiyo maji ya kwanza ambayo ukungu huyapata. Iache ipoe ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi. Hata hivyo, hilo litachelewesha tatizo tu. Makopo hayo yatupe, kwa maana nyuzi za ukungu hupenya ndani zaidi ya doa unaloliona, na bakteria wanaweza kufika mamilioni katika gramu moja kabla rangi au harufu haijabadilika. Akiwamo bakteria aitwaye Pseudomonasi, apendaye maji, krimu hiyo ni hatari kwa jicho au kwa ngozi iliyotoka kunyolewa.

Baba Pacha, Arua
Shea yangu tupu imekuwa na chembechembe kama mchanga. Nao ni ukungu?

Fundi wa Maabara
Hapana, ndugu. Hayo ni mafuta yaliyoganda polepole. Yayeyushe taratibu, kisha uyapoze haraka.

Msusi wa Ntinda
Jokofu je?

Fundi wa Maabara
Jokofu hupunguza kasi tu. Wako bakteria wanaozaliana hata kwenye nyuzi 4. Isitoshe, umeme ukikatika, au mteja akiibeba krimu mkobani, kinga yote imekwisha. Kwa barakoa ya udongo ya kupaka usoni, ya matumizi ya nyumbani, ni afadhali kuhifadhi udongo mkavu, uchanganye na maji kiasi cha siku ile na kutupa kinachobaki.

Kwa krimu ya kuuza, chukua mfano wa gramu 200: maji 140, shea 40, nta 16, gliserini 2, na kihifadhi kiitwacho fenoksiethanoli 2, yaani asilimia 1, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya. Ipime kwa mizani, wala usikadirie kwa kijiko, na uitie krimu ikishapoa kiasi. Mshubiri mbichi nimeuacha makusudi, kwa kuwa huongeza chakula cha vijidudu na kukilemea kihifadhi. Fenoksiethanoli ni hodari zaidi kwa bakteria kuliko kwa ukungu, kwa hiyo wengi huiongezea kihifadhi cha pili, benzoeti ya sodiamu. Lakini benzoeti hufanya kazi pale tu krimu ina uchachu, pH ikiwa 5 au chini yake. Bila karatasi za kupimia pH utakuwa unabahatisha.

Mama Shea, Lira
Wateja wangu wakisikia jina hilo refu hawanunui. Mimi ningemshauri auze siagi tupu iliyopigwa mpaka ikawa laini.

Fundi wa Maabara
Hilo ni jibu halali, mama, na ndilo rahisi kuliko yote, mradi kopo lisiingie bafuni na vidole viwe vikavu.

Msusi wa Ntinda
Tatizo ni kwamba wateja wangu wenye ngozi ya mafuta huilalamikia siagi tupu kuwa ni nzito. Nitajaribu hiyo ya gramu 200 bila mshubiri, niijaze kwenye chupa za pampu. Kuna aliyewahi kupata mahali Kampala panapopima idadi ya bakteria kwa bei ambayo saluni ndogo inaimudu?